TOT au ritani ya mwaka? Ulinganisho kwa mtayarishaji wa maudhui wa Kenya mwenye vyanzo kadhaa vya pesa

Kila mwaka Juni ikikaribia, swali linaloletwa mezani kwangu ni lilelile, ingawa kila mtu hulitoa kwa namna yake. Mtu anapata pesa za matangazo ya YouTube. Kampuni mbili tatu humlipa atangaze bidhaa zao. Anauza kitabu chake cha mapishi na aproni kwa namba ya Till ya M-Pesa, na Jumamosi nyingine anafundisha. Amesikia kwamba kuna kodi ya asilimia 3 na kuna nyingine ya asilimia 30, naye anataka kujua ya kwake ni ipi.

Ukiziweka hivyo, 3 kwa 30, unalinganisha bei ya kilo na bei ya gunia. Asilimia 3 hupigwa kwenye kila shilingi iliyoingia, iwe umepata faida au hukupata. Ile ya 30 hupigwa kwenye kilichobaki baada ya kutoa gharama, tena si chote. Ndiyo maana watu wawili wenye mapato sawa wanaweza kuchagua njia tofauti na wote wakawa wamechagua vizuri.

Kwanza hakikisha kwamba uchaguzi unao. TOT, yaani kodi ya asilimia 3 ya mauzo ghafi, ni ya mkaazi wa Kenya ambaye biashara yake huingiza zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka lakini haipiti milioni 25. Ukiwa chini ya milioni 1, TOT haikuhusu; mapato yako unayatangaza kwenye ritani ya kawaida ya mwaka. Ukipita milioni 25 ni hivyohivyo. Ukiwa katikati, sheria inakuhesabu kuwa mtu wa TOT mpaka umwandikie Kamishna wa KRA kwamba hutaki. Wengi hawaijui barua hiyo, wakadhani TOT ni kitu cha kuomba, kumbe kinachoombwa ni kutoka.

Viwango ninavyotumia hapa ni vile vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Mswada wa mwaka uliofuata, kila mtu anakumbuka ulivyoishia barabarani. Hata hivyo Bunge hurudi kwenye mambo haya kila mwaka, kwa hiyo kabla ya kulipa angalia kiwango kilichopo kwenye iTax.

## Vipimo tutakavyotumia

Nitazipima njia hizi mbili kwa mambo matano. Kodi inapigwa kwenye nini? Unatakiwa kuweka kumbukumbu gani? Kalenda yake ikoje? Ile asilimia 5 ambayo kampuni hukukata kabla ya kukulipa inaenda wapi? Na mwaka ukiwa mbaya, inakuwaje?

## Njia ya kwanza: TOT

Inapigwa kwenye nini. Kwenye mapato ghafi. Kampuni ikikubali kukulipa 100,000 ikakata 5,000 na kukutumia 95,000, mapato yako ni 100,000. Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea, kwa sababu mtu anasoma ujumbe wa benki na kuandika alichokiona. Huna gharama yoyote ya kutoa: si unga, si intaneti, si mhariri wa video.

Kumbukumbu. Ni chache. Unahitaji orodha ya kila kilichoingia na ushahidi wake. Stakabadhi za matumizi hazipunguzi TOT hata shilingi moja, lakini usizitupe, kwani bila hizo hutajua kama TOT inakufaa au inakuumiza. Ankara unazotoa wewe kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, hazikwepeki, kwa sababu kampuni inayokulipa inaihitaji ankara yako ili gharama yake itambuliwe.

Kalenda. Unajaza na kulipa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, miezi kumi na miwili. Mwezi ambao hukuuza kitu bado unajaza, unaandika sifuri. Kuchelewa kujaza ni faini ya shilingi 1,000 kwa mwezi, na kuchelewa kulipa ni asilimia 5 ya kodi pamoja na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Elfu moja inaonekana ndogo. Nimewahi kumhudumia kijana aliyejisajili, akasafiri, akarudi baada ya mwaka na nusu akakuta faini inayozidi kodi aliyokuwa akidaiwa.

Asilimia 5 iliyokatwa. Tangu 1 Julai 2023, kampuni inayomlipa mkaazi kwa maudhui ya kidijitali inatakiwa kuzuia asilimia 5 na kuipeleka KRA. Sheria inahesabu humo matangazo ya chapa, udhamini, kamisheni za viungo, wanachama wanaolipia, hata bidhaa zenye nembo yako. Zuio hili si kodi ya mwisho. Ni malipo ya awali, na lilitungwa likilenga ritani ya mwaka. Mtu wa TOT anayedaiwa 3 hujikuta ameshakatwa 5, na ziada hiyo anabaki kuifuatilia kama dai la marejesho. Pesa yake haijapotea, ila imekaa mbali na mfuko wake.

Mwaka mbaya. TOT haijui hasara. Ukiingiza 1,500,000 na kutumia 1,600,000, bado unalipa 45,000, na hasara hiyo huibebi kwenda mwaka unaofuata.

## Njia ya pili: ritani ya mwaka

Inapigwa kwenye nini. Kwenye faida, kwa ngazi. Shilingi 288,000 za kwanza za mwaka ni asilimia 10. Zinazofuata 100,000 ni asilimia 25. Kutoka hapo ni asilimia 30 mpaka mapato yafike milioni 6. Juu yake kuna ngazi mbili zaidi ambazo wengi wetu hatuna haja ya kuziwaza. Baada ya kujumlisha unatoa unafuu wa kibinafsi wa 28,800 kwa mwaka.

Kamera na kompyuta hazitolewi zote mwaka ule ulionunua. Kompyuta ya 120,000 unaruhusiwa asilimia 25, yaani 30,000 kwa mwaka wa kwanza. Kodi ya nyumba unayoishi pia haiingii nzima, inaingia sehemu tu unayoweza kuonyesha kwamba ni ya kazi.

Kumbukumbu. Hapa ndipo njia hii inapodai jasho. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haitambuliwi, isipokuwa aina chache kama mishahara na vitu vilivyoagizwa kutoka nje. Ankara iwe na PIN yako. Sasa fikiria mpishi anayenunua nazi, viungo na samaki sokoni Kongowea. Mama anayeuza nazi hana mashine ya eTIMS wala haitaki. Marekebisho ya mwisho wa 2024 yalimruhusu mnunuzi amtolee ankara muuzaji ambaye mauzo yake hayafiki milioni 5, lakini lazima muuzaji akubali, na mara nyingi swali la PIN peke yake humfanya akuuzie mtu mwingine. Wateja wangu kadhaa sasa hununua dukani kwa bei ya juu kidogo, kwa ajili ya ile karatasi tu.

Kalenda. Mwaka wa kodi ni Januari hadi Desemba. Ritani hujazwa kabla ya 30 Juni ya mwaka unaofuata, na salio la kodi hulipwa kabla ya 30 Aprili. Wengi hawajui kwamba kuna awamu pia. Kodi yako ikifika 40,000 baada ya kutoa iliyozuiwa, unatakiwa kuilipa kwa robo: tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba, ndani ya mwaka wenyewe. Mtu ambaye video yake imevuma mwezi Mei husubiri mpaka Juni ya mwaka ujao, kumbe riba ilianza kutembea zamani. Kuchelewa kujaza ritani ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa.

Asilimia 5 iliyokatwa. Hapa inakaa mahali pake. Kila cheti cha zuio kinaonekana kwenye akaunti yako ya iTax, na unakitoa kwenye kodi ya mwaka. Kama kampuni ilikata lakini haikupeleka, cheti hakitaonekana, nawe huwezi kudai kitu. Kwa hiyo uliza cheti mwezi uleule. Ukingoja mwaka uishe, mhasibu uliyekuwa ukizungumza naye atakuwa ameshahama kampuni.

Mwaka mbaya. Hasara inatambuliwa. Mwaka ule hulipi, na hasara unaibeba mbele ipunguze faida ya biashara hiyohiyo.

## Mpishi wa Mombasa: hesabu kamili

Tuchukue mpishi wa kubuni, dada wa Mombasa mwenye chaneli ya mahamri, biriani na samaki wa kupaka. Kwa mwaka mzima YouTube imemwingizia 720,000. Kampuni ya unga na duka la vyombo wamemlipa 900,000 kwa matangazo, wakakata 45,000, zikamfikia 855,000. Kitabu cha PDF na aproni zimeuza 380,000 kwa Till. Jumla ghafi ni 2,000,000.

Gharama zake zilizo na karatasi kamili ni hizi: viungo na vyakula vya kurekodia 316,000, mhariri wa video 264,000, intaneti na sehemu ya umeme na gesi 60,000, aproni alizonunua na mifuko ya kufungia 130,000, na ile 30,000 ya kompyuta. Zinafika 800,000, faida inabaki 1,200,000.

Kwa TOT, asilimia 3 ya 2,000,000 ni 60,000.

Kwa ritani ya mwaka, 288,000 za kwanza zinatoa 28,800. Zinazofuata 100,000 zinatoa 25,000. Zilizobaki 812,000 kwa asilimia 30 zinatoa 243,600. Jumla ni 297,400. Toa unafuu wa 28,800, inabaki kodi ya 268,600. Toa 45,000 zilizozuiwa, bado anadaiwa 223,600.

Tofauti ni kubwa. Hata ukisema zile 45,000 zimekwama KRA kwa mwaka mzima na anangoja marejesho, kwa njia ya TOT zitakuwa zimemtoka 105,000, dhidi ya 268,600 za njia ya pili. Mtu mwenye faida nono kama hii, TOT inampendelea waziwazi.

Sasa tuitikise hesabu. Katika zile 316,000 za vyakula, tuseme 200,000 alinunua Kongowea bila ankara. Faida ya karatasi inapanda hadi 1,400,000, na kodi ya mwaka inaongezeka 60,000. Yaani nazi na samaki bila karatasi vimemgharimu kiasi kilekile ambacho TOT ingemdai kwa mwaka wote.

Tuigeuze upande wa pili. Tuseme anaamua kukua haraka: anaajiri mpiga picha wa pili, anakodi jiko la kurekodia, anasafiri hadi Lamu na Pemba kurekodi. Mapato ni yaleyale milioni 2, gharama zenye karatasi zinafika 1,600,000, faida ni 400,000. Kodi ya mwaka inakuwa 28,800 na 25,000 na 3,600, jumla 57,400, ukitoa unafuu ni 28,600. TOT bado ingekuwa 60,000. Isitoshe, 45,000 zilizozuiwa zinaimeza ile 28,600 yote na kubakiza 16,400 za kudai. Mwaka huo ritani ya kawaida ndiyo nafuu.

Mpaka uko wapi? Kwa mapato ya milioni 2, njia hizi hukutana faida ikiwa kama 505,000, robo ya mapato hivi. Faida ikizidi hapo TOT ni nafuu, ikipungua ritani ni nafuu. Mpaka huu hausimami mahali pamoja. Kwa mapato ya 1,200,000 uko kwenye faida ya kama 425,000, zaidi kidogo ya thuluthi. Kwa milioni 5 unashuka hadi kama 805,000, asilimia 16. Kadiri unavyokua, ndivyo unavyohitaji kuwa na gharama nzito zaidi ili ritani ikufae. Na ukivuka milioni 5 kumbuka kwamba VAT imeshabisha hodi, njia yoyote uliyochagua.

## Vyanzo vikichanganyika

Mpaka hapa nimefanya kana kwamba pesa zote zinaweza kuwekwa kapu moja. Haziwezi. TOT haiingizi ada za usimamizi, za kitaalamu na za mafunzo, wala kodi ya nyumba unayopangisha. Mpishi wetu akianza darasa la Jumamosi na kukusanya 240,000 kwa mwaka, hizo ni ada za mafunzo. Zinakwenda kwenye ritani ya mwaka hata kama vingine vyote viko TOT.

Wengi husikia hivyo wakakata tamaa, kumbe mara nyingi ni jambo jepesi. Akitoa 40,000 za unga, mafuta na gesi ya darasa, faida ni 200,000. Asilimia 10 ni 20,000, na unafuu wa 28,800 unaifuta yote. Anajaza ritani, halipi kitu. Anachotakiwa kufanya kwa makini ni kutenganisha unga wa darasa na unga wa video, kwa sababu ule wa video hauna pa kutolewa.

Kwa hiyo maneno yaliyo kwenye ankara yana uzito. Ukiandika «ushauri» au «mafunzo» wakati ulichouza ni tangazo kwenye chaneli yako, mhasibu wa kampuni atachagua aina ya ada ya kitaalamu anapozuia kodi, na cheti kitasema hivyo kwenye iTax. Baadaye wewe unadai ni mauzo ya TOT, na mfumo una karatasi inayosema sivyo. Andika kilichouzwa: «video moja ya tangazo la unga, YouTube, Machi». Kisha cheti kikija, soma aina ya malipo iliyoandikwa humo, usiangalie kiasi tu.

Kuna mchanganyiko mwingine, nao ni wa mwenye mshahara. Mwalimu au muuguzi anayepata zaidi ya 32,333 kwa mwezi ameshazimaliza ngazi za asilimia 10 na 25 kwenye mshahara wake, na unafuu wake mwajiri ameshautumia. Kila shilingi ya faida ya chaneli inaanzia asilimia 30. Hesabu yake basi inakuwa fupi: asilimia 3 ya mapato ni sawa na asilimia 30 ya faida pale faida inapokuwa sehemu ya kumi ya mapato. Akibakiza zaidi ya shilingi kumi katika kila mia, na akiwa amepita milioni 1, TOT inamfaa. Asipofika milioni 1, hana TOT, na mapato ya chaneli yanaungana na mshahara kwenye ritani ya Juni. Kuijaza kwa kuchukua namba za P9 peke yake, kama wengi wanavyofanya, ni kuficha mapato hata kama hukukusudia.

## Daftari linalofaa njia zote mbili

Huwezi kujua uko upande gani wa mpaka bila daftari, na daftari hilo ni moja tu, uwe TOT au la. Mimi huwapa watu jedwali la Eksel lenye safu saba. Mwezi wa Machi wa mpishi wetu ungekuwa hivi:

| Tarehe | Chanzo | Ghafi | Kilichokatwa | Nani kakata | Kilichoingia | Ushahidi |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 8 Machi | Tangazo la unga | 100,000 | 5,000 | Zuio la KRA | 95,000 | Ankara, cheti cha zuio |
| 22 Machi | YouTube | 63,000 | 1,600 | Zuio la Marekani | 61,400 | Ripoti ya AdSense, taarifa ya benki |
| 31 Machi | Kitabu na aproni | 31,000 | 171 | Ada ya Till | 30,829 | Taarifa ya Till |

Safu ya «nani kakata» ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayookoa. Makato matatu hapo juu hayafanani hata kidogo. La kwanza ni kodi yako mwenyewe iliyotangulia KRA. La tatu ni gharama ya biashara. La pili ni kodi ya nchi nyingine: YouTube huzuia kodi ya Marekani kwenye mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani, na kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kiwango ni asilimia 30 ya sehemu hiyo. Usipojaza fomu ya W-8BEN kwenye akaunti ya AdSense, Google inaweza kuzuia hadi asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima. Mtu ambaye watazamaji wake wako Mombasa, Zanzibar na Maskati anapoteza robo ya pesa zake kwa kutojaza fomu ya dakika kumi.

Kwa YouTube usichukue namba iliyo kwenye YouTube Studio. Ile ni makadirio. Chukua iliyothibitishwa kwenye AdSense, na kando yake andika kiwango cha ubadilishaji ulichotumia. Chagua utaratibu mmoja, kwa mfano kiwango cha Benki Kuu cha siku pesa ilipoingia, ukae nao mwaka mzima.

Kosa jingine ni kuhesabu pesa mara mbili. Dola zinaingia benki, unazihamishia M-Pesa, kutoka M-Pesa unalipa mhariri. Ukijumlisha vilivyoingia benki na vilivyoingia M-Pesa umeziongeza maradufu. Kinyume chake nacho kipo: pesa za chama, mkopo wa shangazi na mchango wa harusi zimo kwenye laini ileile ya biashara, na siku ukiulizwa huwezi kusema ipi ni ipi. Laini au Till ya peke yake kwa biashara huondoa nusu ya kazi hii. Na duka likikupa sufuria za 18,000 badala ya pesa ili uzitangaze, hayo pia ni mapato. Yaandike kwa thamani hiyo.

Ushahidi wote hutunzwa miaka 5. Picha za stakabadhi zipigwe siku ileile, maana wino wa zile karatasi za joto hufifia kabla mwaka haujaisha.

## Nani achague nini

Ukiwa chini ya milioni 1, acha kuumiza kichwa. Ni ritani ya mwaka, na kazi yako ni kupata ankara za eTIMS kwa gharama kubwa mbili tatu badala ya kukimbizana na kila kitita cha dania.

Ukiwa kati ya milioni 1 na 25, unafanya kazi peke yako chumbani na simu na taa, gharama zako ni ndogo au nyingi hazina karatasi, TOT ina nafasi kubwa ya kukufaa. Weka ukumbusho wa tarehe 15 ya kila mwezi, siku tano kabla.

Ukiwa na timu inayolipwa, studio ya kukodi na safari za kurekodi, piga hesabu ya mpaka kwa mapato yako mwenyewe kabla ya kuamua. Faida ikiwa chini ya mpaka na karatasi unazo, mwandikie Kamishna utoke TOT. Kama mwaka huu ni wa kuwekeza na unatarajia hasara, ritani ya kawaida ndiyo itakayokubali kuiona.

Ikiwa karibu pesa zako zote hutoka kwa kampuni zinazozuia asilimia 5, usitazame kodi peke yake. Tazama ni miezi mingapi unaweza kuishi huku sehemu ya pesa zako ikiwa bado ni dai la marejesho.

Ikiwa unaishi hasa kwa kufundisha au kushauri, TOT karibu haina la kukufanyia, hata kama una chaneli yenye wafuasi laki moja. Na ukiwa na vyote viwili, fungua kurasa mbili kwenye lile jedwali la Eksel, moja ya mauzo na moja ya ada, kuanzia tarehe 1 Januari. Kuzitenganisha mwezi Juni, kwa kusoma ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine, nimefanya mara mbili kwa wateja, na mara zote mbili niliwatoza zaidi ya kodi waliyookoa.